Kutoka Saa Tatu Usiku ya Ikwiriri Hadi Duara la Nyota

Nyota unayosomewa gazetini inahitaji tarehe tu. Ile ya kuhesabu herufi za jina lako na la mama yako haihitaji hata tarehe. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki dunia Mei 2011, alilizoesha taifa zima kusikia utabiri wa nyota, lakini wachache waliomsikiliza wamewahi kukaa na karatasi na bikari wakachora duara la kuzaliwa la mtu mmoja. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo ya karatasi. Hausemi duara lina maana gani kwa maisha ya mtu. Hilo waachie wanajimu wagombane. Unaeleza namna ya kujua anga lilivyokaa juu ya Ikwiriri dakika fulani ya usiku fulani, na hiyo ni hesabu inayoweza kukaguliwa.

Tutatumia mfano wa kubuni. Mtoto alizaliwa Ikwiriri, Rufiji, na kadi ya kliniki inasema 1/1/2000. Mama yake anasema, "Nilimzaa usiku wa Jumapili, saa tatu na dakika ishirini, mwezi wa Ramadhani, watu ndiyo wanatoka tarawehe."

Hapo tayari kuna mgogoro, maana tarehe 1 Januari 2000 ilikuwa Jumamosi. Anayechora haraka atasema mama amesahau, atachukua Jumapili tarehe 2. Atakuwa amekosea, na mama yuko sahihi. Kwa hesabu ya watu wa pwani siku huanza Jua linapotua, kwa hiyo usiku unaofuata mchana wa Jumamosi ndio usiku wa Jumapili. Kadi na mama wanasema jambo moja. Ukiwa na mzee mbele yako, usimuulize tarehe. Muulize, "Mama, kulipokucha ilikuwa siku gani?" Akijibu Jumapili, mtoto ni wa usiku wa kuamkia Jumapili, na kama ilikuwa kabla ya saa sita usiku, kalenda ya ukutani ilikuwa bado inasoma Jumamosi.

Cheti cha kuzaliwa kitakupa tarehe na mahali. Saa itafute kwenye kadi ya kliniki, kwenye daftari la zahanati, au kichwani mwa waliokuwepo. Kumbukumbu iliyofungwa kwenye jambo, kama adhana, tarawehe, basi la kwanza la kwenda Dar es Salaam au daku, ina thamani kuliko saa iliyotajwa hivihivi. Na ukisikia saa kamili tupu, "saa tatu", jua kwamba inaweza kuwa tatu kasorobo au tatu na robo.

Sasa saa yenyewe. Kompyuta, simu na almanaka za sayari zinahesabu kutoka usiku wa manane, sisi tunahesabu kutoka mapambazuko na machweo. Kanuni ni hii: saa za mchana, yaani kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6. Saa za usiku, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, ongeza 18; ikifika 24 au kuzidi, toa 24 na usogeze tarehe mbele siku moja. Saa tatu na dakika 20 usiku inakuwa 21:20.

Kosa la hapa ndilo linaloharibu maduara mengi kuliko mengine yote. Mtu anasikia "saa tatu na ishirini", anaandika 3:20 PM kwenye programu, na programu haina namna ya kumkatalia. Kwa mtoto wetu kosa hilo lingefanya buruji inayochomoza iwe Ng'ombe. Akiandika 3:20 AM ingekuwa Nge. Iliyo sahihi, kama tutakavyoona, ni Simba. Hao ni watu watatu tofauti, na wote wametoka kwenye maneno yaleyale ya mama mmoja.

Hatua inayofuata ni kuipeleka saa yetu kwenye saa ya ulimwengu, ile inayohesabiwa kwenye mstari wa Griniwichi na kuandikwa UT kwenye majedwali. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele kwa saa 3 kamili, na hatubadilishi saa kwa majira kama Ulaya. Basi 21:20 ukitoa 3 ni 18:20, tarehe ileile 1 Januari.

Ukiiangalia vizuri, utaona njia ya mkato. Kuongeza 18 kisha kutoa 3 ni sawa na kuongeza 15. Kwa hiyo anayesema saa kwa Kiswahili anaweza kwenda moja kwa moja: saa ya mchana ongeza 3, saa ya usiku ongeza 15. Tatu na dakika 20 usiku ni 18:20 ya ulimwengu. Saa nane usiku ni 23:00, na tarehe yake ya ulimwengu ni ya jioni iliyotangulia, ingawa kadi ya kliniki imeshaandika tarehe mpya. Mtoto aliyezaliwa saa nane usiku kuamkia tarehe 5 huko Griniwichi bado ni wa tarehe 4. Ni saa tisa usiku tu ndipo tarehe mbili hizo zinapokutana tena.

Kwa wazee kuna shida nyingine. Toleo la zamani la kumbukumbu za saa ambazo kompyuta nyingi hutegemea lilikuwa likisema kwamba kuanzia 1948 hadi mwisho wa 1960 saa ya Dar es Salaam ilikuwa mbele ya Griniwichi kwa saa 2 na dakika 45. Matoleo ya karibuni yameiunganisha Dar es Salaam na Nairobi, ambayo inaandikwa saa 3 kamili tangu Agosti 1942. Ndiyo maana babu aliyezaliwa Utete mwaka 1955 anaweza kupata maduara mawili kutoka programu mbili. Dakika 15 husogeza buruji inayochomoza kwa nyuzi 4 hivi. Kwa mtu wa miaka hiyo chora yote mawili, na uandike chini lipi limetumia saa ipi. Kwa aliyezaliwa kuanzia 1961 ugomvi huu haumhusu.

Tumepata wakati; tuje mahali. Chukua mahali alipozaliwa, si kwao. Mtoto wa Ikwiriri aliyezaliwa hospitali ya Mchukwi huko Kibiti ni wa Mchukwi kwa hesabu hii. Ukibonyeza Ikwiriri kwenye ramani ya simu utapata namba mbili zinazokaribia -7.95 na 38.98. Alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza maana yake kusini mwa ikweta, na usiiache. Kugeuza desimali kuwa dakika za nyuzi, zidisha kwa 60: 0.95 mara 60 ni 57. Tuna nyuzi 7 na dakika 57 kusini, na nyuzi 38 na dakika 59 mashariki.

Hapa usijisumbue na kitongoji. Dakika 15 za longitudo ni sawa na dakika moja ya saa, na hiyo ni robo ya nyuzi kwenye duara. Utete na Ikwiriri zinatofautiana kwa kiasi hicho tu. Mama akisema "kama saa tatu na ishirini", neno lake "kama" lina upana kuliko delta nzima ya Rufiji.

Longitudo hiyo igeuze kuwa muda. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kila nyuzi moja ni dakika 4 na kila dakika ya nyuzi ni sekunde 4. Nyuzi 38 ni dakika 152, dakika 59 ni sekunde 236. Jumla saa 2, dakika 35 na sekunde 56. Saa ya mkononi iko mbele ya Griniwichi kwa saa 3, lakini Ikwiriri yenyewe iko mbele kwa 2:35:56. Hizo dakika 24 za ziada zimo kwenye saa zetu kila siku. Ndiyo sababu mwanzoni mwa Januari Jua linatua Ikwiriri karibu saa kumi na mbili na dakika 45 jioni. Katika hesabu, namba hizi mbili zina kazi tofauti: saa 3 hutumika kutoa, ili upate saa ya ulimwengu, 2:35:56 hutumika kuongeza, mwishoni mwa hatua inayokuja. Ukizibadilisha, duara zima linayumba nyuzi 12 hivi.

Hatua hiyo ni ya saa ya nyota. Saa ya ukutani inafuata Jua. Kutoka adhuhuri hadi adhuhuri ni saa 24. Lakini ukiitazama nyota moja ikipita juu ya mwembe, kesho itapita hapohapo dakika 4 mapema. Dunia inajizungusha mbele ya nyota kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Saa inayofuata nyota, basi, hukimbia mbele ya saa ya ukutani kwa dakika 3 na sekunde 56 kwa siku, yaani sekunde 10 hivi kwa kila saa. Saa hiyo ndiyo inayotuambia ni sehemu gani ya anga iko juu yetu.

Almanaka ya sayari huwa na safu ya saa ya nyota ya Griniwichi kwa kila siku, usiku wa manane wa saa ya ulimwengu. Kwa 1 Januari 2000 ni 6:39:52. Kama unataka kujua safu unayoisoma ni ya usiku wa manane au ya adhuhuri, angalia siku yoyote ya mwanzo wa Januari: ya usiku wa manane huwa karibu 6:40 kila mwaka, ya adhuhuri huwa karibu 18:40.

Tunajumlisha sasa. Kwenye 6:39:52 weka 18:20:00 ya kuzaliwa. Kisha weka zile sekunde 10 hivi, hasa 9.86, kwa kila saa: saa 18 na theluthi zinatoa kama dakika 3 na sekunde 1. Jumla ni 25:02:53. Imezidi 24, inabaki 1:02:53. Hiyo ni saa ya nyota ya Griniwichi wakati mtoto anazaliwa. Ongeza muda wa longitudo, 2:35:56, kwa kuwa tuko mashariki. Jibu ni 3:38:49. Hii ndiyo saa ya nyota ya Ikwiriri, na kuanzia hapa saa ya ukutani haina kazi tena isipokuwa kwa sayari.

Zidisha kwa 15 kupata nyuzi: 3:38:49 inakuwa 54.70. Namba hiyo tuiite R, na latitudo tuiite L, ambayo kwetu ni -7.95. Tunatafuta vitu viwili. Kilele, K, ni nyuzi ya njia ya Jua inayopita kwenye mstari wa kaskazini-kusini juu yetu. Mchomozo, M, ni nyuzi ya njia hiyo inayochomoza upeo wa mashariki. Kikokotoo cha simu ukikilaza kitaonyesha sin, cos na tan; hakikisha kimewekwa kwenye nyuzi, si radiani.

```
tan(K) = tan(R) / cos(23.44)
tan(M) = cos(R) / -(sin(R)*cos(23.44) + tan(L)*sin(23.44))
```

Namba 23.44 ni mwinamo wa Dunia. Kwa K, tan ya 54.70 ni 1.412, gawa kwa 0.917 upate 1.539, na pembe yake ni 57.00. K lazima iwe robo ileile ya duara ilipo R. Kama kikokotoo kimekupa pembe ya robo nyingine, ongeza 180; kama R iko robo ya nne na jibu limetoka hasi, ongeza 360.

Kwa M, juu ni 0.578. Chini, sehemu ya kwanza ni 0.749. Ya pili ni tan ya -7.95 mara 0.398, ambayo ni -0.056. Jumla 0.693, na alama ya kutoa iliyo mbele inaifanya -0.693. Kikokotoo kitajibu -39.8. Usishtuke. Ikiwa namba ya chini ni hasi, ongeza 180. Ikiwa ni chanya na jibu limetoka hasi, ongeza 360. Kwetu ni hasi, kwa hiyo M ni 140.19.

Nyuzi hizi huhesabiwa tangu mwanzo wa Punda, na kila buruji ina nyuzi 30. Mpangilio ni Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo, Samaki. Vitabu vya falaki vya zamani vinaziita Hamali, Thauri, Jauza na kuendelea. Kilele cha 57.00 kimemaliza Punda, kikaingia Ng'ombe nyuzi 27. Mchomozo wa 140.19 umemaliza buruji nne, umeingia Simba nyuzi 20 na dakika 11.

Ukisahau alama ya kusini, mchomozo unatoka Simba 24 na dakika 19. Kosa hilo ni baya kwa sababu linafanana na ukweli; buruji ni ileile, hakuna kinachokushtua. Wenye kutumia majedwali yaliyochapwa wanakutana nalo kwa sura nyingine, maana majedwali mengi yametengenezwa kwa kaskazini. Dawa yake inajulikana: ongeza saa 12 kwenye saa ya nyota, soma latitudo ileile kana kwamba ni kaskazini, kisha kila buruji ibadilishe kwa ile inayoitazama upande wa pili. Jedwali litakupa Ndoo 20 na dakika 11, wewe unaandika Simba.

Kipimo kizuri cha latitudo ya Ikwiriri ni hiki: ukihesabu kutoka kilele kwenda mchomozo, umbali huwa kati ya nyuzi 82 na 98 hivi, daima. Sisi tuna 83. Mtu akikuletea duara la Ikwiriri lenye umbali wa nyuzi 60 au 120, amechukua latitudo ya mji wa Ulaya.

Sayari ni kazi nyepesi. Almanaka inakupa mahali pake kila usiku wa manane wa saa ya ulimwengu, wewe unatafuta sehemu ya siku iliyopita. Saa 18 na dakika 20 ni 0.764 ya siku. Mwezi ulianza tarehe 1 ukiwa Nge nyuzi 7 na dakika 18, ukaanza tarehe 2 ukiwa Nge 19 na dakika 19. Umetembea nyuzi 12 na dakika 1, 0.764 ya hizo ni nyuzi 9 na dakika 11. Mwezi wa mtoto uko Nge 16 na dakika 29. Zilizobaki zinakwenda polepole: Jua Mbuzi 10 na dakika 38, Utaridi Mbuzi 2, Zuhura Mshale karibu 2, Mirihi Ndoo 28, Mshtarii Punda 25. Zohali yuko Ng'ombe 10 na anarudi nyuma, na almanaka humwekea alama ya R. Zile zisizoonekana kwa macho, Uranusi na Neptuni, ziko Ndoo 15 na Ndoo 3, na Pluto iko Mshale 11.

Kabla ya kuchora, kagua. Utaridi haachani na Jua zaidi ya nyuzi 28, na Zuhura haachani nalo zaidi ya 48. Kwetu ni 8 na 39, sawa. Kisha Mwezi, na hapa Hijria inatusaidia kuliko kitabu chochote. Mwezi uko nyuma ya Jua kwa nyuzi 54. Unalikaribia Jua kwa nyuzi 11 hivi kila siku siku hizo, kwa hiyo zimebaki kama siku 5 ulifikie. Yaani ni kumi la mwisho la mwezi, na kweli ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani ya 1420. Kama mama angesema Mwezi ulikuwa unang'aa utosini watu wakitoka tarawehe, tungejua kwamba tarehe si hii.

Angalia pia kila kosa linaacha alama yake wapi. Ukikosea siku nzima, mchomozo husogea nyuzi moja tu, lakini Mwezi unaruka 12. Ukikosea dakika 15, Mwezi hausogei hata robo ya nyuzi, mchomozo unasogea 4. Kwa hiyo tarehe ikaguliwe kwa Mwezi, saa ikaguliwe kwa upeo.

Sasa chukua bikari na kipimapembe. Chora duara, ligawe sehemu 12 za nyuzi 30. Upande wa kushoto ni mashariki, na kuhesabu kunaenda kinyume cha mshale wa saa. Kwa anayeanza napendekeza nyumba za buruji nzima: buruji inayochomoza yote ni nyumba ya kwanza, inayofuata ni ya pili, hadi 12. Mfumo huu hauhitaji jedwali lolote. Andika Simba kushoto, Mashuke chini yake, endelea hadi Kaa. Weka alama ya mchomozo kwenye nyuzi 20 ya Simba na uvute mstari hadi nyuzi 20 ya Ndoo ng'ambo. Huo ni upeo. Kilele kiweke Ng'ombe 27, nyumba ya 10. Halafu sayari moja moja kwa nyuzi zake.

Mtazame mtoto wa usiku: Jua lazima liwe chini ya mstari wa upeo. Letu liko Mbuzi, nyumba ya 6, nyuzi 40 hivi kutoka machweo. Jua hushuka takriban nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo lilitua kama saa mbili na nusu kabla, na 21:20 ukitoa muda huo unarudi palepale kwenye machweo ya saa kumi na mbili na dakika 45. Programu iliyoandikiwa 3:20 PM ingekuwa na Jua juu ya upeo, na mtu yeyote anayejua mtoto alizaliwa gizani angeliona kosa bila kikokotoo.

Pembeni mwa duara andika saa kwa Kiswahili kama ilivyosemwa, saa ya ulimwengu, saa ya nyota, na nani aliyetoa saa hiyo: kadi, mama au jirani. Na kama saa haipatikani kabisa, usibuni ya adhuhuri ukajifanya unaijua. Chora sayari bila mchomozo na bila nyumba, na Mwezi uandike kama masafa, kutoka mahali ulipoanzia siku hadi ulipomalizia.